UZI: Droni kwenye dokumentari ya akina mama wa mwani Kibuyuni: vibali, umbali, na shoti ipi inastahili kubaki

Mwana wa Vumba:
Salaam wanajukwaa. Natengeneza dokumentari ya akina mama wanaolima mwani Kibuyuni, kule Kwale karibu na Shimoni. Mhusika wetu mkuu ni mama mmoja ambaye shamba lake la mwanzo lilikuwa karibu na ufuko, maji ya magoti tu. Mwani wa pale ukawa unageuka mweupe na kukatika kila maji yakipata joto, basi akapaacha. Siku hizi vigingi na kamba zake viko nje zaidi, karibu na mkondo. Kutoka ufukoni hadi shambani ni mita 300 hivi, juu ya mawe na matope, na akirudi amebeba mwani mbichi unaochuruzika maji. Huo mwendo ndio filamu yenyewe.

Ukisimama chini na kamera huuoni. Mtazamaji anaona mama ndani ya maji na bahari nyuma yake, basi. Haoni kwamba kati ya pale alipo na nyumbani kuna mashamba yaliyokufa. Ndiyo maana nataka droni. Tuna pesa ya kumkodi mtu siku mbili tu. Produsa anataka "shoti nyingi za juu", mimi nawaza tatu zinatosha. Naombeni msaada kwa mambo matatu: vibali, umbali wa kukaa na watu, na jinsi ya kuonyesha zile mita 300 ndani ya picha moja.

Fundi Kamera:
Dada, usijisumbue. Nunua ile droni ndogo ya gramu 249, hiyo haihitaji kibali. Nimeitumia sana na sijawahi kuulizwa. Mita 300 si kitu, panda juu mita 200, elekeza kamera chini, umemaliza.

Rubani wa Pwani:
Fundi, hapo umechanganya nchi. Mstari wa gramu 250 ni wa Marekani na Ulaya, na hata huko unapunguza masharti tu, hauyafuti yote. Hapa Kenya tunafuata kanuni za ndege zisizo na rubani za 2020, ambazo zinaangalia kazi unayofanya na hatari yake. Dokumentari ya kuuzwa si mchezo wa Jumapili, hata droni ikiwa nyepesi kama embe. Ukweli wako ni mmoja: droni nyepesi ikianguka inaumiza kidogo kuliko nzito. Lakini hiyo nyepesi nayo inasukumwa na upepo wa baharini mpaka picha inatetemeka.

Na mita 200 haiwezekani. Kikomo ni futi 400 kutoka ardhini, yaani mita 120 hivi.

Mwana wa Vumba, upande wa vibali ningefanya hivi. Kwa siku mbili za kazi usinunue droni wala usianze kusomea leseni. Tafuta mwendeshaji ambaye tayari ana ROC, yaani cheti cha kuendesha droni kinachotolewa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, rubani wake ana leseni, na droni yenyewe imesajiliwa. Mwambie akuonyeshe karatasi zote tatu, na bima ya watu wengine pia, kabla hujalipa hata amana. Wapo wanaokuja na cheti cha kampuni halafu wanaleta droni ambayo haimo kwenye usajili wao. Namba iliyo kwenye mwili wa droni ilinganishe na ile ya kwenye karatasi, ni kazi ya dakika moja.

Leseni ya kupiga filamu kutoka KFCB, bodi ya filamu ya Kenya, ni kitu kingine kabisa. Hiyo inahusu filamu, haikupi ruhusa ya kutumia anga. Na ya KCAA haikupi ruhusa ya kupiga filamu. Watu wengi wanashika moja wakidhani wana zote.

Halafu kuna ruhusa zisizo za Nairobi. Pale Kibuyuni onana na chifu, na BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufuko, na kikundi chenyewe cha akina mama. Kituo cha polisi wapelekee nakala za barua zako. Mko karibu na mpaka wa Tanzania, na kitu kinacholia angani bila taarifa kitaleta gari la askari katikati ya kazi. Ukitaka pia picha za Kisite-Mpunguti, ile ni hifadhi ya KWS, shirika la wanyamapori, na ina maombi yake. Lakini kwa hadithi uliyoieleza sioni Kisite inaingia wapi.

Harusi Tamu:
Uzi mzuri. Mimi nina harusi Tudor mwezi ujao, nataka droni ipite juu ya bwana harusi akishuka garini. Hiyo mita 120 inaruhusiwa?

Rubani wa Pwani:
Hapana ndugu yangu, wewe tatizo lako si urefu. Tudor iko ndani ya kilomita 10 za uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, na ndani ya duara hilo hurushi mpaka upate idhini ya KCAA na waongozaji ndege wawe na habari. Kwa viwanja vikubwa duara ni kilomita 10, kwa vidogo ni 7. Tena unataka kupita juu ya umati wa wageni. Mpe mpiga picha ngazi au ghorofa ya jirani. Ukitaka tuendelee, fungua uzi wako, hapa tutamchanganya dada.

Dodoma Kwetu:
Kwa upande wa Tanzania tulipitia mamlaka ya anga, TCAA, Wizara ya Ulinzi na Bodi ya Filamu, na kila mmoja alitaka kuona barua ya mwenzake kwanza. Kilichotusaidia ni kuandika maelezo ya ukurasa mmoja, yaleyale neno kwa neno, na kuyaambatanisha kila mahali: filamu inahusu nini, tutarusha wapi, urefu gani, siku zipi, nani ni rubani. Maelezo yakitofautiana kidogo tu baina ya ofisi mbili, maswali hayaishi.

Rubani wa Pwani:
Huo ukurasa mmoja ni ushauri mzuri na hapa kwetu unafaa vilevile. Dada, uweke ndani yake viwianishi vya pembe nne za eneo lako, urefu wa juu kabisa, na uwanja wa ndege ulio karibu zaidi na umbali wake. Usiangalie viwanja vyenye majina tu, ulizia hata vile vya majani ambavyo ndege ya watalii hushuka mara mojamoja.

Mzee Nahodha:
Nawasoma tangu mwanzo na hakuna aliyetaja maji. Bibi huyo haendi shambani kila siku ya Mungu. Anakwenda wakati wa bamvua, maji yakitoka. Wakati wa maji mafu shamba liko chini, na hiyo droni yenu itapiga rangi ya bluu tupu.

Kwa pwani yetu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanajaa alfajiri kiasi cha saa kumi na yanakupwa mnamo saa nne asubuhi. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Bamvua kubwa yenyewe huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na hapo kupwa kunaangukia saa tano. Mkiomba ruhusa ya tarehe moja na tarehe hiyo ikaangukia maji mafu, mmepoteza wiki nzima.

Mwana wa Vumba:
Mzee Nahodha, shukrani sana. Nilikuwa nimepanga kupiga alfajiri kwa ajili ya mwanga mzuri. Kwa hesabu yako alfajiri ya bamvua maji yamejaa kabisa.

Rubani wa Pwani:
Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na ni vizuri Mzee amelileta. Tuliangalie polepole.

Mwanga mzuri wa jua la chini na maji makavu ya bamvua havikutani pwani yetu asubuhi. Kwa hiyo uchague. Ukingoja kupwa kukubwa kwa saa tano, jua liko karibu na utosi. Ukielekeza kamera chini wima wakati huo, jua linaakisiwa na maji moja kwa moja ndani ya lenzi: unapata doa jeupe kubwa ndani ya fremu, na kamba za mwani haziko. Watu hukimbilia kichujio cha kuzuia mng'ao. Kinasaidia kamera ikiwa imeinama kiasi, lakini ikitazama chini wima hakikupi chochote. Msilipie kitu hicho kwa shoti hiyo.

Kwa lenzi pana ya kawaida, doa lile linatoka nje ya fremu jua likiwa bado liko chini ya nyuzi 50 hivi kutoka upeo wa macho. Kibuyuni hiyo ni kabla ya saa tatu na nusu asubuhi au karibu na hapo. Kwa hiyo tafuta siku ambazo kupwa kunaangukia saa tatu hivi. Kwa hesabu ya Mzee ni siku moja kabla ya mwezi kuandama au kupevuka, pengine na siku ya kabla yake. Maji hayatoki sana kama siku ya bamvua kubwa, lakini shamba linaonekana chini ya maji machache, na kwa macho yangu hilo ni bora kuliko mchanga mkavu, kwa sababu unaona mwani unayumba.

Ombi lako la kibali lisiwe la tarehe mbili. Liwe la kipindi kinachochukua bamvua mbili zinazofuatana, maana zinapishana kwa wiki mbili. Mvua au upepo ukiharibu ya kwanza, huanzi karatasi upya.

Mzee Nahodha:
Sahihi. Na mwende kaskazi, kabla kusi haijaanza kuvuma kwa nguvu. Upepo wa kusi utawatoa jasho hata asubuhi.

Fundi Kamera:
Sawa, nimekubali kuhusu gramu. Lakini bado swali la mita 300 halijajibiwa. Kama 120 ndiyo mwisho, utazionyeshaje?

Rubani wa Pwani:
Swali zuri. Shika hesabu moja tu: kwa lenzi pana ya droni nyingi, kamera ikitazama chini wima, upana unaouona ardhini ni kama mara moja na nusu ya urefu uliopo. Ukiwa mita 40 unaona upana wa mita 60. Ukiwa mita 120, mwisho wa sheria, unaona mita 180. Mita 300 hazitoshei. Na hata zingetosha, mama huyo angekuwa nukta. Kwenye picha ya 4K kutoka mita 100, mabega ya mtu yanachukua vipande kama 13 tu vya picha kati ya 3,840. Mtazamaji hatajua kama ni mtu au kigingi.

Kwa hiyo nisingetafuta kuonyesha mita 300 kutoka juu wima. Ningeipeleka droni upande wa bahari kuu, nje ya shamba lake, urefu wa mita 30 au 40, kamera imeinama ikitazama kijijini. Mbele chini unaona mama na kamba zake mpya. Katikati vigingi vitupu vya mashamba yaliyoachwa, safu baada ya safu. Juu kabisa ya fremu minazi na mapaa ya Kibuyuni. Umbali wote umo ndani ya picha moja, na huyo mama bado ni mtu. Jua la asubuhi linatoka upande wa bahari, kwa hiyo liko mgongoni mwa droni na mng'ao haukusumbui.

Mwana wa Vumba:
Nimeipenda. Hapo vigingi vitupu vyenyewe vinasema alikopita, bila msimulizi kueleza. Sasa umbali: droni ikiwa mbele yake namna hiyo, nikae mita ngapi?

Rubani wa Pwani:
Kanuni inasema mita 50 kutoka kwa mtu, gari au jengo lisilo chini ya udhibiti wa mwendeshaji. Mimi naongeza kanuni ya mazoea: umbali wa pembeni usipungue urefu uliopo. Droni ikizimika kwa mita 40 inafika chini kwa sekunde tatu hivi. Ikiwa inakwenda mbele mita 8 kwa sekunde, itaangukia zaidi ya mita 20 mbele ya pale ilipozimikia, na upepo unaweza kuongeza. Mtu aliyesimama chini yake au mbele yake hana muda wa kuinua kichwa, sembuse kukimbia akiwa ndani ya maji ya mapajani.

Mita 50 hazikuharibii picha. Mkodi droni yenye lenzi ya pili, ile ndefu ya kiasi cha milimita 70. Upana unaoonekana kwa lenzi hiyo ni kama nusu ya umbali. Kwa mita 50 unapata fremu ya mita 25: mama, kamba mbili tatu, na kikapu chake. Zaidi ya hapo mwachie kamera ya mkononi, ambayo inasikia na sauti.

Fundi Kamera:
Lakini kanuni yenyewe inasema "asiye chini ya udhibiti". Mama amesaini fomu ya kukubali, ameelezwa, yuko kwenye filamu. Huyo si yuko chini ya udhibiti tayari? Basi unaweza kusogea mpaka mita 10.

Rubani wa Pwani:
Kuna waendeshaji wanaoisoma hivyo, na wapo wanaoipinga. Kusaini fomu ya kuonekana kwenye filamu na kuelezwa afanye nini droni ikianguka ni vitu viwili tofauti. Hata ukimweleza yeye, shamba la pili kuna mwenzake ambaye hakusaini, na la tatu kuna mtoto anayeokota makombe. Kwenye bamvua ufuko una watu wengi. Mimi ningeliuliza KCAA kwa maandishi ndani ya ombi lenyewe, na mpaka wajibu ningekaa mita 50 kwa kila mtu.

Fundi Kamera:
Mimi bado naona mmekaza mno. Lakini kuuliza kwa maandishi hakuna hasara.

Binti Jambiani:
Naandika kutoka Unguja. Mama yangu analima mwani, na bibi yangu alilima kabla yake. Sisi kule ile aina ya mwani iitwayo cottonii ilitushinda kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto, tukabaki na aina ya spinosum, ambayo bei yake ni ndogo. Kwa hiyo hadithi ya dada naielewa.

Nataka kusema jambo moja ambalo marubani hawalioni. Wanawake wakiwa shambani wamefunga leso kiunoni, nguo zimelowa zimeshika mwili, wameinama kufunga taitai, zile kamba ndogo za kushikia mwani. Pale ni kwao, hakuna wanaume. Mwaka mmoja alikuja mtu na droni, tukasikia inalia tu juu ya vichwa. Mama yangu aliacha kamba, akajifunika mpaka usoni, na wenzake wakafanya vivyo hivyo. Maji yakarudi kabla hawajamaliza kufunga. Bamvua ikapotea hivyohivyo, na yule mtu hata hakushuka kuja kutusalimia.

Hiyo mita 50 ni ya usalama wa kichwa. Kwa stara haitoshi, hasa na hiyo lenzi ndefu mnayoisifu. Inaona karibu kuliko mtu anavyodhani.

Mwana wa Vumba:
Dada yangu, asante kwa kulileta waziwazi. Ungependa ifanywe vipi?

Binti Jambiani:
Mwende siku ya kabla, ufukoni, wakati wa kuanika mwani. Waonyesheni droni ikiwa imezimwa, waishike. Halafu irusheni juu ya mchanga na muwape wao kile kioo waangalie wanavyoonekana, kwa lenzi zote mbili. Hapo kila mtu ataamua avae nini kesho yake, au asije kabisa upande huo wa shamba. Na wakubaliane na nyinyi ishara: mama akiinua leso juu, droni inaondoka, bila kuulizwa kwa nini. Asiyetaka asionekane hata kwa mbali. Kila mtu anajua shamba la nani liko wapi, kwa hiyo nguo tu inatosha kumtambulisha.

Rubani wa Pwani:
Hilo la ishara naliandika kwenye karatasi yangu ya kazi kuanzia leo. Kisheria pia kuna jambo hapo, Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi ya 2019, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Lakini Binti amelieleza vizuri kuliko sheria.

Bi Mhariri:
Mimi nakaa upande wa kuhariri, na naomba niingie kwenye "shoti nyingi za juu" za produsa. Mashamba ya mwani kutoka juu ni mistari mizuri mno. Tatizo ni hilo. Ukifungua filamu na mistari hiyo, mtazamaji anapenda pambo, na mama anapotokea baadaye anakuwa sehemu ya pambo. Nimeletewa kazi za namna hiyo, saa tatu za picha za angani, zote nzuri, na hakuna hata moja iliyoniambia kitu ambacho sikukiona kwenye ya kwanza.

Ningeiweka shoti ya Rubani, ile inayotazama kijijini kutoka baharini, baada ya mtazamaji kutembea naye chini kwanza. Tumwone kwa kamera ya mkononi akiondoka nyumbani, miguu kwenye mawe, pumzi, kikapu kinavyokwaruza bega. Tukishachoka naye ndipo tupande juu tuone alikotoka. Hapo picha inajibu swali ambalo mtazamaji tayari analo.

Na iwe tulivu. Droni isimame hapo sekunde 20 bila kuzunguka, yeye ndiye atembee ndani ya fremu. Nikiwa na sekunde 20 naweza kutumia 8 au zote. Shoti inayopaa huku inageuka hainipi pa kukata.

Mwana wa Vumba:
Produsa anasema ufunguzi wa angani ndio unaowashika watu wa runinga.

Bi Mhariri:
Inawezekana yuko sahihi kuhusu hao watu wa runinga. Mkitaka kufungua na juu, basi fungueni na mashamba matupu, vigingi peke yake, bila mtu. Lile ni swali. Lakini mimi na yeye hatutakubaliana leo.

Jambo la pili, sauti. Droni hairekodi sauti yoyote ya maana. Mtu wa sauti akae shambani, droni ikiwa imeshatua, arekodi dakika tano za maji, kamba zikivutwa, na mazungumzo ya mbali. Akirekodi droni ikiwa angani, ule mlio unaingia kila mahali na hautoki.

Mzee Nahodha:
Rubani huyo atasimama wapi? Kutoka ufukoni mpaka kule nje ni mbali. Akipanda mashua aniambie, nina neno.

Rubani wa Pwani:
Mashua hapana, Mzee. Droni inakumbuka mahali iliporukia. Mawasiliano yakikatika inarudi palepale, na mashua imeshasogezwa na mkondo, kwa hiyo inatua majini kwa utulivu kabisa. Nilimwona kijana mmoja akiikimbiza kwa mikono mitupu, akakatwa vidole na mapanga ya droni. Tena vihisi vya chini vinachanganyikiwa na maji yanayotembea, droni inashuka au kuyumba yenyewe. Nisingekaa chini ya mita chache juu ya maji kwa sababu hiyo.

Kubaki ufukoni nako si kuzuri, kwa sababu sheria inataka niione droni kwa macho, na kwa mita 300 na zaidi ni alama tu angani. Ningesimama katikati, kwenye fungu linalotokeza maji yakitoka, na mwangalizi mmoja mwenye redio upande wa watu.

Mzee Nahodha:
Fungu sawa, lakini usikae. Maji yakianza kurudi saa ya kwanza hayaonekani. Kwa bamvua ya mita tatu yanapanda robo mita tu, unajiona una muda. Saa ya pili yanapanda nusu mita, ya tatu zaidi ya hiyo. Na njia ya kurudi huwa ina bonde kati ya fungu na ufuko, linajaa kabla ya fungu lenyewe. Utasimama pakavu huku nyuma yako ni maji ya kifua, na mkoba wa betri begani.

Rubani wa Pwani:
Basi tunaanza dakika 40 kabla ya kupwa na tunatoka kwenye fungu nusu saa baada yake. Hapo unapata safari tatu za betri, kila moja dakika 18 hadi 20 na si zile 30 zilizoandikwa kwenye boksi, kwa sababu narudi nikiwa na asilimia 30. Na mahali pa kurudia patafunikwa na maji, kwa hiyo betri ya mwisho nairushia ufukoni ili irudi ufukoni.

Mwana wa Vumba:
Nimeandika kila kitu. Mpango wangu sasa uko hivi, mnirekebishe.

Shoti ya kwanza, vigingi vitupu kutoka juu wima, mita 40, kabla akina mama hawajafika upande ule. Ya pili ni ile ya kutazama kijijini kutoka baharini, mita 35 juu, mita 50 au zaidi kutoka kwa mama, imetulia sekunde 20, na tuirudie mara tatu akiwa anaondoka na mzigo. Ya tatu niliyokuwa nayo ilikuwa kumfuata kutoka nyuma akitembea. Hiyo naiacha, kamera ya mkononi itaifanya vizuri zaidi. Siku ya kwanza yote ni ya kuonyesha droni na kuzungumza ufukoni kama alivyosema Binti Jambiani, siku ya pili ndiyo ya kurusha.

Rubani wa Pwani:
Siku moja ya kurusha ni hatari. Upepo ukikataa huna kitu. Mwulize mwendeshaji kama atakubali siku ya akiba kwenye bamvua ya pili, kwa bei ya kusubiri.

Bi Mhariri:
Shoti ya kwanza rudieni siku ya akiba kwa viwianishi na urefu uleule, hata kama ya kwanza imetoka vizuri. Pengine mwani wa jirani utakuwa umekatika, pengine hapana. Nikiwa na mbili zinazolingana naweza kuzikutanisha.

Harusi Tamu:
Samahani kurudi tena. Ghorofa ya jirani wamekubali. Asanteni.

Fundi Kamera:
Hongera ndugu. Mwana wa Vumba, ukipata jibu la KCAA kuhusu ile "udhibiti", liweke hapa. Wengi tunalihitaji.

Mwana wa Vumba:
Nitaliweka. Ombi linaondoka Jumatatu, limebeba bamvua mbili za mwezi ujao. Binti Jambiani, kuna swali moja limebaki: mama akiinua leso katikati ya shoti, ile picha iliyokwisha kurekodiwa kabla hajainua tunaruhusiwa kuitumia?

Binti Jambiani:
Mwulize yeye, jioni, akiwa amekauka na amekula. Usimwulize pale majini.